Bonasi ya mwisho wa mwaka kwa wauza simiti Mombasa: lengo lipimwe kwa shilingi, kwa mifuko au kwa bei ya msingi?

Mwakilishi wa mauzo anapokuja dukani mwezi wa Januari na karatasi ya bonasi ya mwisho wa mwaka, ile ambayo wengi huiita rebeti, macho ya mwenye duka huenda kwenye asilimia. Ni asilimia moja au moja na nusu? Huyu jirani amepewa ngapi? Wakati huohuo, sentensi itakayoamua kama pesa hizo zitalipwa iko mistari miwili chini, pale palipoandikwa "akifikisha manunuzi ya" kisha tarakimu. Manunuzi yanayopimwa kwa nini, na yanayohesabiwa kuanzia siku gani? Bonasi nzuri yenye kipimo kibaya ni ahadi tu, na bonasi ya wastani yenye kipimo kilichoandikwa sawasawa hulipwa.

Tuchukue duka moja la jumla la hadwea, Changamwe, linalouza simiti kwa mafundi na kwa maduka madogo ya Mikindani, Miritini na Mariakani. Mwaka uliopita lilinunua mifuko 30,000 ya kilo 50, yaani tani 1,500. Bei ya kununulia, kwa mfano huu, ni shilingi 700 kwa mfuko kabla ya VAT. Msambazaji anataka manunuzi yapande kwa asilimia 10, na yuko tayari kurudisha asilimia 1.5 ya manunuzi yote, kuanzia mfuko wa kwanza, lengo likifikiwa. Lengo hilo laweza kuandikwa kwa namna mbili ambazo siku ya kutia sahihi zinafanana kabisa: shilingi 23,100,000, au mifuko 33,000. Bonasi yake ni shilingi 346,500 kwa namna zote mbili, maana asilimia 1.5 ya 700 ni shilingi 10.50 kwa mfuko, kiasi ambacho kwa lengo la mifuko hakibadiliki hata bei ikibadilika.

Tofauti huanza bei inapobadilika.

Hebu tuseme bei inabadilika tarehe 1 Julai, na duka linanunua nusu ya mifuko kabla ya hapo na nusu baada ya hapo.

| Bei kuanzia Julai | Mifuko ya mwaka | Thamani (Sh, bila VAT) | Bonasi kwa lengo la shilingi | Bonasi kwa lengo la mifuko |
|---|---|---|---|---|
| 700 (haikubadilika) | 33,000 | 23,100,000 | 346,500 | 346,500 |
| 740 (imepanda) | 32,400 | 23,328,000 | 349,920 | 0 |
| 650 (imeshuka) | 33,600 | 22,680,000 | 0 | 352,800 |

Tazama mstari wa mwisho. Duka limenunua mifuko 600 zaidi ya alichoomba msambazaji, na halipati hata senti kwa sababu msambazaji mwenyewe ameshusha bei. Kwa bei ya 650, duka lililonunua nusu ya lengo, yaani mifuko 16,500, kabla ya Julai ingebidi linunue jumla ya mifuko 34,270 ili lifikishe zile milioni 23.1. Hiyo ni mifuko 1,270 juu ya makubaliano ya awali, na hakuna aliyeomba wala kukubali nyongeza hiyo. Bei ikipanda hadi 740, kinyume chake, mifuko 32,109 inatosha.

Kwa hiyo anayetegemea bei ipande atavutiwa na lengo la shilingi, na si vibaya kulikubali kwa macho wazi. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalioni hadi Novemba: bei haishuki kwa tangazo la orodha mpya pekee. Inashuka pia kwa punguzo linaloandikwa ndani ya ankara. Msambazaji akitoa ofa ya shilingi 20 kwa kila mfuko kwa wiki mbili, na lengo linapimwa kwa thamani halisi ya ankara, basi kila mfuko wa ofa unahesabika kama 680. Unafurahia ofa huku lengo likirudi nyuma. Ukikubali kipimo cha shilingi, sharti liandikwe kwamba thamani inayohesabiwa ni ile ya kabla ya ofa za muda.

Na VAT nayo ina mtego wake. Lengo likiandikwa "shilingi 23,100,000" bila neno lingine, mwenye duka anayezoea kuangalia jumla ya chini ya ankara, ambamo asilimia 16 imeshaingia, ataona mfuko mmoja ni shilingi 812. Kwa hesabu yake lengo linafikiwa kwenye mfuko wa 28,449. Msambazaji anasoma thamani bila VAT, na kwake bado mifuko 4,551 haijanunuliwa. Wote wawili wako sahihi kwa karatasi iliyoandikwa vile. Maneno matatu, "bila ya VAT", yanamaliza ugomvi huo.

Lengo la mifuko halina maradhi haya, na ndiyo sababu kwa duka linalouza aina moja ya simiti sisi tungelichagua bila kusita sana. Lina udhaifu mmoja mkubwa, nao hujitokeza pale duka linapouza simiti ya 32.5 na ya 42.5 kwa pamoja. Mkandarasi wa ghorofa za Nyali akianza kuchukua 42.5 kwa nguzo na sakafu za juu, mwenye duka analipa zaidi kwa kila mfuko, tuseme 800, lakini mfuko ni mfuko: unahesabiwa mmoja kama ule wa plasta. Msambazaji anapata pesa zaidi, na lengo halisogei kwa kasi hiyo.

Hapo ndipo kipimo cha tatu kinapofaa, kile cha bei ya msingi. Mnachukua orodha ya bei ya tarehe 1 Januari, mnaiambatisha kwenye mkataba, na kila mfuko unahesabiwa kwa bei ile mwaka mzima, hata kama bei ya ankara imepanda, imeshuka au imekatwa na ofa. Mfuko wa 32.5 ni 700, wa 42.5 ni 800, kwisha. Kwa bidhaa moja kipimo hiki hutoa matokeo yaleyale ya kuhesabu mifuko. Kwa bidhaa nyingi, kwa mfano simiti pamoja na nondo na mabati kutoka kwa msambazaji mmoja, ndicho pekee kinachopima kiasi bila kuyumbishwa na bei. Kazi yake ya ziada ni kwamba mfumo wa msambazaji hauchapishi hesabu hiyo wenyewe. Mtu lazima aitengeneze kwenye jedwali kila mwezi, na bidhaa mpya ikiingia katikati ya mwaka, bei yake ya msingi iandikwe siku hiyohiyo kwa barua pepe. Duka lisilo na karani anayeweza kufanya hivyo libaki na mifuko.

Tukishajua tunahesabu nini, linabaki swali la pili: mfuko unahesabiwa lini? Hapa ndipo mabishano mengi ya Januari huzaliwa, na inafaa tulikawilie kidogo.

Tuseme duka letu, kwa lengo la mifuko, limefika mifuko 32,200 tarehe 20 Desemba. Limebakisha 800. Mwenye duka anaagiza trela mbili, kila moja tani 28 ambazo ni mifuko 560, jumla 1,120. Anatuma oda tarehe 20 na pesa zinaingia benki tarehe 22. Kiwandani kuna foleni, nusu ya wafanyakazi wako likizoni. Trela ya kwanza inapakiwa tarehe 30 na kufika Changamwe tarehe 31. Ya pili inapakiwa tarehe 3 Januari na ankara yake inatoka siku hiyo.

Kwa tarehe ya oda, zote mbili zimo: mifuko 33,320, bonasi shilingi 349,860. Kwa tarehe ya malipo pia zote zimo. Kwa tarehe ya ankara ni trela moja tu: mifuko 32,760, pungufu kwa 240, bonasi sifuri. Kwa tarehe ya kupokea mzigo ni hivyohivyo. Mwenye duka hakufanya kosa lolote, pesa yake imekaa kwa msambazaji siku 12, na foleni ya mtu mwingine imemnyima zaidi ya laki tatu.

Ukisikia hivyo unaweza kusema basi tuchague tarehe ya oda. Msambazaji hatakubali, na ana haki: oda ni karatasi tu, na mtu anaweza kuagiza trela kumi tarehe 30 Desemba kisha azifute Januari. Tarehe ya malipo inamvutia yeye zaidi kwa sababu inamhakikishia pesa. Kwako inafaa ukiwa unalipa taslimu kabla ya kupakia. Kwa anayechukua kwa mkopo wa siku 30 ni hatari iliyojificha. Manunuzi ya Desemba utayalipa Januari, kwa hiyo katika mwaka wa kwanza wa makubaliano unahesabiwa miezi 11. Kwa mwendo wa mifuko 2,750 kwa mwezi, ambao ndio hasa unaotoa 33,000 kwa mwaka, utaishia 30,250 na kuambiwa hukufikia.

Tarehe ya ankara ndiyo rahisi kuthibitisha, kwani ankara za eTIMS zina namba na tarehe ambazo hakuna anayezibishia. Kuwa mwangalifu na kitu kimoja tu: ankara ya makadirio, ile unayopewa ili ukalipe benki, si ankara ya kodi, na tarehe yake haihesabiki. Tarehe ya kupokea mzigo ni sawa na hiyo kwa ubora ikiwa msambazaji ndiye anayeleta. Ukituma lori lako mwenyewe kiwandani, "kupokea" kunapaswa kumaanisha karatasi ya mizani ya kutokea getini, si sahihi ya karani wako wa ghala, la sivyo lori likiharibika Mazeras usiku wa tarehe 31 umepoteza mzigo wote kwenye hesabu.

Kwa maoni yetu chaguo bora ni tarehe ya ankara, ikiwa na kifungu cha kuilinda. Kifungu chenyewe kinaweza kuandikwa hivi:

"Oda iliyothibitishwa na kulipiwa, au iliyo ndani ya kiwango cha mkopo, kabla ya tarehe 15 Desemba itahesabiwa katika mwaka huo hata kama msambazaji ataipakia baada ya tarehe 31 Desemba. Oda yoyote iliyothibitishwa ambayo msambazaji ameshindwa kuipakia ndani ya siku 7 kwa sababu ya ukosefu wa mali itahesabiwa kana kwamba imepakiwa, ikiwa mnunuzi hakuifuta."

Sentensi ya pili ni ya mwaka mzima. Kiwanda kikisimamisha tanuri kwa ukarabati na soko likakosa simiti wiki tatu, lengo lako halisimami pamoja nalo isipokuwa mmeandika. Msambazaji akikataa maneno "kana kwamba imepakiwa", muombe badala yake lengo lipunguzwe kwa kiasi cha oda zilizokosa kutimizwa. Matokeo yanakaribiana na kwake ni rahisi kulimeza.

Yeye naye atataka uhakika wa malipo. Mpe, lakini kama sharti na si kama kipimo: bonasi italipwa ikiwa kufikia tarehe 31 Januari hakuna ankara ya mwaka uliopita iliyopitisha siku zake. Hapo deni la mwezi mmoja halifuti mifuko yako, linachelewesha tu hundi. Epuka sharti la "asiwe amechelewa hata mara moja katika mwaka", maana benki ikikwama siku mbili mwezi wa Machi, bonasi ya Desemba imekwenda.

Mwaka wenyewe si lazima uishe Desemba. Wengine hupendekeza Julai hadi Juni ili kuendana na hesabu za kampuni yao. Kwa mwambao wetu hilo ni baya: miezi ya mwisho, Aprili hadi Juni, ni ya masika, misingi imejaa maji na mafundi wamekaa, na ndiyo miezi unayohitaji kukimbiza lengo. Desemba ina soko lakini ina foleni na likizo. Mwaka unaoishia tarehe 30 Novemba hukwepa vyote viwili, na wasambazaji wengi hawana sababu ya kuukataa wakiombwa mapema.

Kuhusu ngazi tuseme kwa kifupi. Bonasi ya lengo moja ni ukuta: mfuko wa 32,999 hauna thamani, wa 33,000 una thamani ya shilingi 346,500. Ukuta huo ndio unaowafanya watu kujaza ghala Desemba. Simiti si nondo. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, mifuko inayogusa sakafu au ukuta huanza kuganda pembeni, na baada ya miezi mitatu hivi nguvu ya simiti iliyokaa imeshapungua hata kama mfuko unaonekana mzima. Mifuko 1,000 ya kukimbizia lengo ni shilingi 700,000 zilizolala pamoja na VAT yake, na ikiganda mifuko 100 umeshatoa shilingi 70,000 kwenye bonasi yako. Omba ngazi tatu: shilingi 6 kwa mfuko kuanzia mifuko 30,000, shilingi 10.50 kuanzia 33,000, shilingi 13 kuanzia 36,000, zote zikihesabiwa toka mfuko wa kwanza. Ukitupwa chini ya 33,000 kwa mifuko 240, unapata 196,560 badala ya sifuri. Msambazaji akisema ngazi ya pili italipa tu mifuko iliyozidi, piga hesabu papo hapo: shilingi 35 kwa kila mfuko juu ya 30,000 zinasikika nyingi, lakini ukifika 33,000 ni 105,000 tu.

Mifuko iliyopasuka au kuganda njiani iandikiwe sentensi yake pia. Ikirudishwa na kubadilishwa, hesabu isiguswe. Ikirudishwa na pesa zikarudi, itolewe mara moja. Tatizo hutokea pale mfumo unapoondoa mfuko uliorudi na kuingiza ule wa kubadilishia kama "bure" usio na thamani. Kwa lengo la shilingi, hapo umekatwa bila kujua.

Bonasi italipwa vipi? Kwa kawaida kwa kredit noti inayopunguza deni lako. Na hapa sheria inaingilia: Sheria ya VAT ya 2013 inataka kredit noti itolewe ndani ya miezi sita tangu tarehe ya ankara inayohusika, na kwenye eTIMS kredit noti hufungwa kwenye namba ya ankara yake. Bonasi ya mwaka mzima inayokokotolewa Januari inagusa ankara za Januari iliyopita, ambazo muda wake uliisha Julai. Hata kulipa kila nusu mwaka hakutoshi, kwa sababu hesabu ya Juni ikikamilika tarehe 10 Julai, ankara ya tarehe 5 Januari imeshapita. Malipo ya kila robo mwaka yako salama: tuseme shilingi 5 kwa mfuko ikiwa robo imefikisha mifuko 7,500, na salio la kufikia 10.50 mwishoni. Namna salio hilo litakavyoandikwa kwenye vitabu, mhasibu wako na wa msambazaji wakubaliane kabla ya sahihi. Robo mwaka ina faida nyingine isiyohusu kodi: unagundua mapema kama mnahesabu tofauti.

Hilo la kuhesabu tofauti ndilo hasa la kulinda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la bonasi liko kwa msambazaji usipoweka lako. Kila tarehe 10 tuma jedwali la mwezi uliopita lenye namba za ankara, tarehe, mifuko ya 32.5 na ya 42.5, mifuko iliyorudi, na jumla tangu mwaka uanze. Andika kwenye mkataba kwamba jedwali lisilopingwa ndani ya siku 14 limekubaliwa. Ukijibiwa "Bosi, hizo tutazipanga mwisho wa mwaka," rudisha barua pepe ileile na uombe namba zao. Mara nyingi tofauti itakuwa katika mambo mawili: tawi lako la Likoni linanunua kwa PIN nyingine na halijaunganishwa, au mzigo ulioutafutia mteja wa Vipingo umeandikiwa ankara moja kwa moja kwa mkandarasi. La kwanza linatibika kwa kuorodhesha PIN zote kwenye mkataba. La pili halitibiki baada ya ankara kutoka, kwa hiyo mzigo unaokwenda saiti moja kwa moja uagizwe kwa jina la duka, na mahali pa kushushia pawe ndiyo saiti.

Hatimaye hakikisha anayetia sahihi upande wa pili ni mwenye mamlaka ya bei. Wawakilishi wa mauzo huhamishwa, na barua ya bonasi yenye sahihi ya mtu aliyeondoka Agosti humfanya mrithi wake aulize idhini ilitoka wapi. Taka sahihi ya meneja wa mauzo au wa fedha pamoja na muhuri, na orodha ya bei ya msingi ikiwa imetiwa sahihi na nyinyi wawili kwenye kila ukurasa.